Umetumiwa mchoro wa shafti ukaambiwa "cheki": soma vipimo, yuniti na toleransi kwanza, maoni baadaye

Tuchukue shafti ya mashine ya kusaga mahindi, ile ya nyundo, inayozungushwa na mota kwa mkanda na puli. Mchoro umekuja kama PDF ya ukurasa mmoja wa A4, na maneno yaliyokuja nao ni haya tu: "wakuu naombeni mcheki, kesho naupeleka kwa fundi leti". Hajasema ucheki nini. Na kawaida hapo ndo watu wanaanza kurusha, mmoja anasema hiyo shafti nyembamba, mwingine anasema weka beringi kubwa zaidi, mwingine anasema hiyo 25,4 sio saizi weka 25 tu, na kati ya wote hao hakuna aliyesoma kisanduku cha maelezo pale kona ya chini kulia.

Mwongozo huu unaenda na mchoro huohuo mmoja mwanzo mpaka mwisho. Ni mfano, lakini makosa yaliyomo ni yale ya kila siku. Kilichoandikwa juu yake ni hiki. Kushoto kuna kipande cha puli, Ø25,4 H7, urefu 70, kina njia ya kii yenye upana 8 na kina 4. Kinafuata kiti cha beringi, Ø30 k6, urefu 20. Katikati shafti inanenepa, Ø38, urefu 210, hapo zinakaa diski za nyundo. Kulia kuna kiti cha pili cha beringi, Ø30, urefu 20. Chini kabisa mstari mrefu unasema urefu wote 320. Kwenye kisanduku cha maelezo imeandikwa mm, skeli 1:2, malighafi C45, toleransi za jumla ISO 2768-m. Juu ya kisanduku kuna mistari mitatu ya noti: beringi 2 × 6206, redia zisizoonyeshwa R2, chamfa zisizoonyeshwa 1 × 45°.

Usiseme kitu bado.

Hakikisha unachokiona ndo kilichochorwa

Kama umetumiwa picha ya skrini au picha iliyopigwa kwa simu, omba faili lenyewe kabla ya yote. Picha ikibanwa, mkato wa desimali ndo wa kwanza kufa, 25,4 inasomeka 254 au 25 4, na alama ndogo ya k6 inageuka kitu kama h6 au 16. Hizo ni herufi ndogo ambazo kazi nzima inazitegemea, sasa ukizibahatisha ni bora usicheki kabisa. Na kwakuwa mchoro huu unatumia mkato, basi mkato ni desimali, sio alama ya elfu. Mi hapa chini naandika kwa nukta kama tulivyozoea, 25.4, ila ni namba ileile.

Ukitumiwa DXF badala ya PDF kuna mtego mwingine. Faili la DXF linabeba namba, yuniti yake inakaa kwenye kigezo kinaitwa `$INSUNITS`, 1 ni inchi na 4 ni milimita, na programu nyingine hazikiandiki au hazikisomi. Njia ya haraka ya kujua ni kupima urefu wote ndani ya programu. Shafti yetu inatakiwa itoe 320. Ikitoa 12.598 ujue imegeuzwa inchi, ikitoa 8128 ujue imezidishwa kwa 25.4 mahali fulani. Alafu pima na kipenyo kimoja kimoja, maana kwenye programu za kuchorea mtu anaweza kufuta namba ya kipimo akaandika nyingine kwa mkono bila kurekebisha mstari, kwahiyo maandishi yanasema Ø30 wakati mstari ni 28. Fundi atafuata maandishi, ila mashine ya CNC itafuata mstari, na kila mmoja atakuwa na haki yake.

Kwa PDF mambo ni mepesi, ila usiiprinti ukaweka rula. Skeli 1:2 ni kweli kwenye karatasi ya saizi ileile tu, na printa ikiamua kubana ukurasa uingie ndani ya karatasi skeli inakuwa ya uongo. Kipimo ambacho hakijaandikwa hakipimwi kwa rula, kinaulizwa.

Kisanduku cha kona kwanza, picha baadaye

Macho yanataka kwenda kwenye picha, ni kawaida, lakini yalazimishe yaende kona. Unatafuta vitu vinne: yuniti, toleransi za jumla, malighafi, na herufi ya toleo la mchoro. Toleo hapa halijaandikwa, hilo liweke pembeni utalisema mwishoni. Kisanduku kikiwa na alama ya koni na miduara miwili, hiyo inaonyesha mitazamo imepangwaje, miduara ikiwa upande wa mdomo mwembamba wa koni ni mpangilio wa Kimarekani, ikiwa upande wa mdomo mpana ni ule wa Ulaya. Kwa shafti ya duara haisumbui sana, ila kwa hausingi yenye matundu upande mmoja hapo ndo watu wanatoboa upande usio wenyewe.

Yuniti ni mm. Sawa. Hiyo inamaanisha kila namba isiyo na maelezo mengine ni milimita, pamoja na hiyo 25.4.

Hiyo 25.4 isikukimbize

Hapa ndo yule wa "weka 25" alipoingilia. 25.4 mm ni inchi moja kamili. Namba hii haiji kwa bahati mbaya. Mtu aliyechora kapima kitu cha inchi, na kitu chenyewe karibu hakika ni puli, maana puli zilizoko madukani na kwenye mitumba ya mashine nyingi zimetobolewa inchi, na mtaani bado tunaongea inchi kwenye mabomba, bolti na mikanda hata kama mchoro ni wa milimita. Ukimwambia apunguze iwe 25 na puli yake ina tundu la 25.4, atapata uwazi wa 0.4 mm, puli itacheza, kii itakuwa ndo inabeba mzigo wote, na baada ya muda njia ya kii inapanuka upande mmoja mpaka inakuwa kama mdomo wa chungu kilichovunjika.

Kwahiyo 25.4 sio kosa. Kosa linaweza kuwa jirani yake. Kii ya upana 8 ni ya mfumo wa milimita, shafti ya zaidi ya 22 mpaka 30 inatumia kii ya 8 × 7, kwenye shafti inaingia 4 mm, hesabu imekaa. Lakini puli ya tundu la inchi moja iliyotengenezwa kwa mfumo wa inchi huwa na njia ya kii ya robo inchi, yaani 6.35 mm. Sasa shafti inasema 8 na puli pengine inasema 6.35. Kii haiwezi kuwa na saizi zote mbili, labda achonge kii yenye ngazi, kitu ambacho kinafanyika mtaani ila haiwi chaguo la kwanza kwenye mchoro mpya.

Huwezi kujua jibu kutoka kwenye mchoro. Hilo ni swali: puli unayo tayari? Tundu lake ni ngapi na njia yake ya kii ina upana gani, umepima kwa venia? Swali hilo moja lina faida kuliko maoni kumi ya unene wa shafti.

Herufi kubwa na herufi ndogo

Bado tupo kwenye kipande cha puli. Imeandikwa Ø25,4 H7. Kwenye mfumo wa ISO herufi kubwa ni ya tundu, herufi ndogo ni ya shafti. H7 juu ya shafti ni kama mtu kavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, na fundi anayesoma kwa jedwali atapata namba kabisa: kwa kipenyo cha zaidi ya 18 mpaka 30, H7 ni kuanzia 0 mpaka +0.021. Akiifuata atachonga shafti kati ya 25.400 na 25.421. Na tundu la puli likiwa nalo ni H7, yaani 25.400 mpaka 25.421, basi mara nyingine puli inaingia kwa mkono, mara nyingine inakataa, inategemea siku hiyo mashine zote mbili ziliangukia wapi.

Alichotaka pengine ni h6, ambayo kwa kipenyo hiki ni 0 mpaka −0.013, shafti iwe kati ya 25.387 na 25.400. Hapo puli ya H7 itaingia siku zote, uwazi kuanzia sifuri mpaka 0.034, na skrubu ya kubania pamoja na kii vinafanya kazi iliyobaki. Nasema pengine kwasababu inawezekana mchoraji alinakili kipimo cha tundu la puli akakibandika kwenye shafti. Kwahiyo hata hapa unaandika unachokiona, unapendekeza, na unaacha mwenye mchoro athibitishe.

Kiti cha beringi, hapa kaa sana

Kushoto Ø30 k6. Kulia Ø30 tu. Kabla hujasema toleransi imesahaulika, tafuta kwanza kama kuna sehemu imeandikwa "2×" mbele ya kipimo, au noti inayosema viti vyote viwili ni sawa, au kichoro kidogo cha kukuza pembeni chenye vipimo vya ziada. Nimeona mara nyingi mtu anapiga kelele "hakuna toleransi" na toleransi ipo kwenye kichoro cha pembeni ambacho hakukitupia macho. Kwenye mchoro wetu hakuna.

Sasa kipimo kisichokuwa na toleransi yake hakiko huru, kinashikwa na toleransi za jumla. ISO 2768-m inasema kipimo cha zaidi ya 6 mpaka 30 ni ±0.2, zaidi ya 30 mpaka 120 ni ±0.3, zaidi ya 120 mpaka 400 ni ±0.5. Kwahiyo kiti cha kulia kinaruhusiwa kuwa popote kati ya 29.8 na 30.2 na fundi atakuwa hajakosea kitu, mchoro umemruhusu, na hela yake utamlipa.

Angalia hiyo inafanya nini kwa beringi. 6206 ina tundu la 30, kipenyo cha nje 62, upana 16. Tundu lake kwa beringi ya kawaida linatengenezwa kati ya 29.990 na 30.000, yaani linakwenda chini tu, halizidi 30. Ukiweka kwenye shafti ya 29.8 una uwazi wa 0.2 na beringi itateleza kama pete kwenye kidole kilichokonda. Ukiweka kwenye 30.2 haiingii, na ukiilazimisha kwa nyundo unaua njia za magololi, au ringi ya ndani inapasuka.

Upande wa kushoto sasa. k6 kwa kipenyo hiki ni +0.002 mpaka +0.015, shafti iwe kati ya 30.002 na 30.015. Toa tundu la beringi: mbano mdogo kabisa ni 30.002 kutoa 30.000, unabaki na 0.002. Mbano mkubwa kabisa ni 30.015 kutoa 29.990, unabaki na 0.025. Siku zote inabana, haijawahi kulegea. Hiyo ndo inayotakiwa, kwasababu kwenye mashine hii shafti inazunguka na mzigo wa mkanda unavuta upande mmoja tu, kwahiyo ringi ya ndani inapokea mzigo kuizunguka yote, na ringi inayopokea mzigo wa namna hiyo ikiwa imelegea hata kidogo inaanza kutembea juu ya shafti polepole.

Ukifungua mashine ambayo beringi ilikuwa inatembea utaijua bila kipimo chochote. Kiti kinang'aa sehemu moja kama kimepigwa polishi, pembeni kuna unga wa rangi ya kahawia kama kutu iliyosagwa, na ukipitisha ukucha unasikia ngazi pale beringi ilipoishia. Mtaani dawa yake inajulikana, fundi anachukua senta panchi anapiga vidoti kuzunguka kiti ili chuma kiinuke, beringi inaingia kwa kubana na mteja anaondoka ana furaha. Vile vidoti vinabana kwa ncha tu, vinasagika haraka, na beringi inakaa ikiwa imepinda kidogo. Ukiona shafti ya zamani yenye vidoti vya panchi, ujue kwenye mchoro wake au kwenye uchongaji wake toleransi ya kiti haikuwepo.

Kwahiyo pendekezo ni rahisi: kiti cha kulia nacho kiwe k6. Watu wengine watasema weka h6 ili beringi itoke kirahisi siku ya kubadilisha. h6 inakupa shafti ya 29.987 mpaka 30.000, ukiilinganisha na tundu la beringi inaweza kubana 0.010 au kulegea 0.013, yaani bahati nasibu. Kwa mashine ya nyundo inayopiga na kutikisika siwezi kuikubali.

Angalia pia ulaini wa uso. Mchoro huu hauna alama yoyote ya Ra. Kiti cha beringi kinahitaji karibu Ra 0.8, kwasababu uso wenye mifereji ya kisu cha leti ukipimwa unaonyesha saizi ya vilele vya mifereji, na beringi ikishindiliwa vilele vinalala na mbano wako unapotea. Kwa hesabu yetu mbano mdogo kabisa ni maikroni 2 tu, hauna akiba ya kupoteza.

Namba za urefu ukizijumlisha

70 + 20 + 210 + 20 = 320. Zimekaa, mtu mvivu ataweka tiki. Lakini mchoro umeandika vipande vyote na urefu wote pia, na hapo kuna ugomvi wa kimyakimya. Kwa ISO 2768-m, 70 ni ±0.3, kila 20 ni ±0.2, 210 ni ±0.5. Vipande vyote vikienda upande mmoja jumla inahama 1.2 mm. Ila urefu wote 320 umeruhusiwa ±0.5 tu. Fundi anaweza kuchonga kila kipande ndani ya toleransi yake na bado urefu wote ukakataliwa, na hapo nani kakosea? Suluhisho ni kutoa namba moja isiyokuwa na kazi, au kuiweka kwenye mabano, maana kipimo kilichoko ndani ya mabano ni cha taarifa tu, hakikaguliwi. Kwenye shafti hii mi ningeweka 320 kwenye mabano, kwasababu hakuna kitu kinachogusa ncha zote mbili kwa pamoja.

Ipi basi ina kazi? Ni 210. Hiyo ndo umbali kati ya sholda mbili, na beringi zinaegemea sholda hizo, kwahiyo 210 inaamua hausingi zikae wapi. Kama hausingi zote mbili zimebana beringi kulia na kushoto, hata ±0.5 ni nyingi, shafti itakuwa inasukuma beringi kwa pembeni toka siku ya kwanza. Na hata ukichonga 210.00 kamili, chuma kikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya fremu kinarefuka karibu 0.08 mm kwenye urefu huo. Kwahiyo kwenye mchoro wa shafti peke yake huwezi kusema 210 inatosha au haitoshi, unauliza hausingi: beringi ipi imefungwa na ipi imeachiwa nafasi ya kusogea? Ikiwa moja imeachiwa, ±0.5 inaishi bila shida. Ikiwa zote zimefungwa, tatizo haliko kwenye toleransi ya shafti, liko kwenye muundo, na kubana toleransi ni kumlipa fundi zaidi kwa kitu kisichoponyesha.

Kitu kingine ambacho kipo kimya kwenye mchoro: viti viwili vya beringi vinatakiwa viwe kwenye mstari mmoja. Fundi akichonga upande mmoja, akageuza shafti kwenye chaki ya meno matatu, akachonga upande wa pili, kila kiti kinaweza kuwa saizi sahihi kabisa na bado vikapishana. Mwambie aandike kuwa shafti ichongwe kati ya senta mbili, au aweke alama ya mtupo wa duara kwa viti vyote viwili, yaani kiasi ambacho kiti kinaruhusiwa kuyumba shafti ikizungushwa, 0.02 inatosha kwa kazi hii.

Noti ndogo iliyoua beringi

Soma tena ile mistari mitatu. "Redia zisizoonyeshwa R2". Kwenye kona kati ya kiti cha Ø30 na sholda ya Ø38 hakuna redia iliyoonyeshwa, kwahiyo ni R2. Sasa chukua beringi 6206 mkononi uangalie ukingo wa tundu lake, kona yake imekatwa kwa redia ndogo, kiwango cha chini ni 1 mm. Kona ya shafti ikiwa R2 beringi haifiki kwenye sholda, inapanda juu ya ule mviringo na kusimama hapo, uso wake haugusi sholda hata kidogo. Fundi atasema imeingia mpaka mwisho maana imegoma kusogea. Ukishika mwangaza nyuma yake utaona mstari wa mwanga kati ya beringi na sholda, au kipande cha fila geji chembamba kinapita kuzunguka.

Redia ya kona pale isizidi 1, 0.6 ni salama. Urefu wa sholda wenyewe uko vizuri, Ø38 inazidi kiti kwa 4 mm kila upande, inatosha kuegemea ringi ya ndani bila kugusa ya nje.

Hii ndo sababu noti zinasomwa kabla ya kusema "vipimo viko sawa". Kwenye picha hakuna R2 popote.

Inapimika?

Ukishakubali k6, uliza itapimwa na nini. Dirisha lote la k6 ni maikroni 13, na venia ya kawaida inasoma 0.02, yaani mstari mmoja wa venia ni mkubwa kuliko dirisha. Hapa inatakiwa maikromita ya 25 mpaka 50, na iwe imesetiwa kwa kipande chake cha 25 kabla ya kupima. Kama karakana anayoenda haina maikromita, k6 kwenye karatasi haitamsaidia, bora atafute karakana nyingine au achonge viti akiwa na beringi mkononi na fundi anayeijua kazi hiyo.

Na shafti ipoe. Vipimo vya michoro vinahesabiwa kwa nyuzi 20. Shafti iliyotoka kuchongwa ikiwa na nyuzi 60 imevimba kwenye Ø30 kwa karibu 0.014 mm, yaani zaidi ya dirisha zima. Fundi anapima 30.010 anafurahi, anaenda kula, akirudi shafti iko 29.996. Karakana ya Dar yenye nyuzi 33 sio shida yenyewe, mradi shafti, maikromita na beringi vyote vimekaa kwenye joto hilohilo.

Sasa andika

Gawanya unachoandika makundi mawili, yale yanayozuia kazi na yale ya kuuliza, yale ya ladha yako yaache. Kila hoja itaje sehemu, kilichoandikwa, kitakachotokea, na pendekezo au swali. Kwa mchoro huu yangeenda hivi:

"Mkuu, mchoro nimeusoma. Kabla hujaupeleka kwa fundi: (1) kiti cha beringi cha kulia Ø30 hakina toleransi, kwa ISO 2768-m kinakuwa ±0.2, beringi itazunguka au haitaingia, kiwe k6 kama cha kushoto, na viti vyote viwe Ra 0.8. (2) Noti ya R2 inagusa kona za viti, 6206 haitafika kwenye sholda, andika R0.6 pale. (3) Ø25,4 H7 ni herufi ya tundu, ulikusudia h6? (4) Viti viwili viandikiwe mtupo 0.02 au noti ya kuchonga kati ya senta. (5) 320 iweke kwenye mabano, inagongana na vipande vyake. Maswali: puli unayo, na njia yake ya kii ni 8 au 6.35? Hausingi ipi inaruhusu beringi kusogea? Na toleo la mchoro halijaandikwa, huu uite A."

Hakuna neno la "shafti nyembamba" pale. Huwezi kulisema bila kujua nguvu ya mota, mizunguko na mvuto wa mkanda, na hivyo vyote havipo kwenye mchoro. Ukitaka kulisema, omba namba hizo kwanza.

Akirudisha mchoro uliorekebishwa usiangalie zile sehemu tano tu. Linganisha namba zote na toleo la kwanza, moja baada ya nyingine, maana mtu akifungua faili kubadilisha R2 anaweza kuvuta mstari mwingine bila kujua, na 210 ikawa 212 bila mtu kugundua. Herufi ya toleo iwe B, na ile karatasi ya A iliyoprintiwa iondolewe karakana, kama iko ukutani ichanwe.